Barua ya malalamiko: mchaniko wa daraja la tatu ulioandikwa kuwa wa pili

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Tiba,
Kampuni inayoendesha hospitali niliyojifungulia.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUKATAA MAJIBU YENU KUHUSU KUCHANIKA NA KUSHONWA KWANGU

Nimepokea majibu yenu kwa lalamiko langu la kwanza. Mmeandika kwamba nilichanika msamba daraja la pili, nikashonwa ipasavyo, na kwamba kushindwa kuzuia hewa baada ya kujifungua ni hali ya kawaida. Siyakubali. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 9 na nimeshona misamba mingi kwa mikono yangu, kwa hiyo ninajua ni hatua gani iliyorukwa usiku ule.

Huyu alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na kilo 4.1, akakaa njiani muda mrefu, mwishowe akavutwa kwa koleo. Uzazi wa kwanza, mtoto mkubwa na koleo, kila kimoja peke yake huongeza uwezekano wa kuchanika hadi kwenye msuli wa kubania haja kubwa. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu. Mama wa namna hiyo huchukuliwa kuwa msuli wake umechanika mpaka uchunguzi uthibitishe vinginevyo.

Uchunguzi huo haukufanyika. Daktari aliangalia kidonda, akachoma ganzi, akanishona palepale kitandani, na kwenye faili akaandika "daraja la pili". Hakuna aliyeingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa, wala kabla ya kushona wala baada ya kushona. Nilikuwa macho, na ganzi ilikuwa ya msamba tu. Kidole kingeingia ningekijua.

Daraja halijulikani kwa kutazama damu na ngozi. Daraja la kwanza ni ngozi au utando wa uke peke yake. La pili hufika kwenye misuli ya msamba lakini msuli wa haja kubwa unabaki mzima. La tatu ni pale msuli huo wenyewe, ulio na sehemu mbili, wa nje na wa ndani, unapochanika, nalo hugawanywa: A, ikiwa chini ya nusu ya unene wa msuli wa nje imekatika, B, ikiwa zaidi ya nusu, na C, ikiwa msuli wa ndani nao umekatika. La nne ni pale utando wa puru nao unapopasuka, uke na njia ya haja kubwa vikawa kitu kimoja. Kati ya la pili na la tatu ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu msuli wa nje umezunguka kama pete. Ukikatika mbele, ncha zake mbili hurudi nyuma zikajificha ndani ya nyama pande zote mbili. Anayetazama kwa juu haoni msuli uliokatika, anaona kidonda tu.

Anayeingiza kidole ataijua tofauti. Huweka kidole cha shahada kwenye puru na gumba ukeni, kisha hubinya nyama iliyo katikati na kuiviringisha, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Msuli mzima huhisika kama kamba nene. Uliokatika huacha pengo, na mama akiambiwa abane, mbele hapabani. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Ningeweza kubana vizuri siku ile, kwa sababu sikuwa na ganzi ya mgongo. Sikuambiwa nibane.

Siku ya tatu hewa ilianza kunitoka bila mimi kutaka. Muuguzi akanituliza kwamba itapita. Kufikia wiki ya tano, nikihisi haja kubwa sikuwa na hata dakika mbili za kufika chooni, na mara nne nilichelewa. Wiki ya 14 nilijilipia ultrasaundi ya njia ya haja kubwa. Kwa mfano wa uso wa saa, msuli wa nje una pengo kutoka namba 10 hadi namba 2, na lililokatika ni zaidi ya nusu ya unene wake. Msuli wa ndani ni mzima. Hilo ni daraja la tatu, B. Linaendana na dalili zangu, maana msuli wa nje ndio unaotuwezesha kujizuia haja inapobisha, ilhali wa ndani ukiharibika choo huvuja bila mtu kuhisi. Nakala ya ripoti nimeiambatisha.

Mnasema huenda msuli uliachia baadaye. Mshono wangu haukufumuka wala kuoza, na mkunga wenu aliandika kwenye faili siku ya kumi kwamba kidonda kimefunga vizuri. Ngozi ilifunga juu ya msuli ambao hakuna aliyewahi kuushona.

Kama ungeonekana, kazi ingekuwa nyingine kabisa. Ningepelekwa chumba cha upasuaji, penye taa ya kutosha, nikapewa ganzi ya mgongo ili msuli ulegee na ncha zilizojificha ziweze kushikwa na kuvutwa mbele. Zingeunganishwa kwa uzi laini unaoyeyuka polepole, ncha kwa ncha au moja juu ya nyingine, bila kukaza mishono kwa umbo la namba nane, kwani hiyo huinyonga nyama ikakosa damu. Mafundo yangefukiwa chini ya misuli ya msamba yasije yakamchoma mama. Kisha kidole tena, kuhakikisha hakuna uzi uliopenya kwenye puru. Baada ya hapo antibiotiki, dawa ya kulainisha choo ili choo kigumu kisifumue mshono, mazoezi ya misuli ya nyonga, na kuonwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kama hapakuwa na mjuzi usiku ule, kusubiri saa chache apatikane kungekuwa na madhara madogo kuliko kushona bila kujua kilichochanika. Wanawake walioshonwa hivyo, 60 hadi 80 kati ya 100 hawana dalili baada ya mwaka. Mimi sikupewa nafasi ya kuwa mmoja wao. Upasuaji wa kuurekebisha msuli sasa unawezekana, lakini matokeo yake hupungua kadiri miaka inavyopita.

Ninaomba, kwanza, faili langu lisahihishwe na lisomeke daraja la tatu B. Nikipata mimba tena, atakayenihudumia akisoma "la pili" ataniacha nizae kwa njia ya kawaida bila kufikiri. Mwenye dalili kama zangu hupaswa kuelezwa hatari ya kuzidisha uharibifu na kupewa nafasi ya kuchagua kujifungua kwa upasuaji.

Pili, mlipie ultrasaundi niliyofanya, mazoezi ninayoyafanya na mtaalamu, na upasuaji ukihitajika.

Tatu, fomu yenu ya kujifungua iongezewe sehemu mbili ambazo haziwezi kuachwa wazi: matokeo ya kidole kabla ya kushona na matokeo ya kidole baada ya kushona, kila moja ikiwa na saini. Nimeisoma fomu hiyo. Ina nafasi ya rangi ya uzi, lakini ya matokeo ya kidole haina.

Nne, nijibiwe na daktari wa uzazi aliyeisoma ripoti ya ultrasaundi, si na ofisi ya huduma kwa wateja.

Ninasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mlalamikaji
(jina na namba ya faili vimo kwenye bahasha)