Kidole cha mpwa wangu na hizo Sh10,000 za "pole"

Kwa Mhariri,

Nimekuwa karani wa saiti hapa Malindi kwa miaka mingi, na karatasi nizijuazo zaidi ni zile ambazo matajiri hawapendi zijazwe. Mojawapo inaitwa DOSH/WIBA 1, fomu ambayo mwajiri huripotia ajali ya kazini. Naandika kwa sababu mpwa wangu nusura aipoteze haki yake kwa kutoijua.

Kijana ni saidia fundi kwenye nyumba ya ghorofa inayojengwa upande wa Watamu. Alikuwa akikata jiwe kwa grinda isiyokuwa na kava, diski ikakwama, ikaruka na kumkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Foromani alimkimbiza hospitali kwa bodaboda, na bili ya siku hiyo ikalipwa. Hapo sina neno. Kumfikisha hospitali na kulipia matibabu ni wajibu wa mwajiri, na siku hiyo ulitimizwa.

Siku ya nne kontrakta alikuja nyumbani na Sh10,000 pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: "Nimelipwa, sina madai." Dada yangu alikuwa keshamtafutia kalamu. Nikaizuia. Nikamuuliza kontrakta kama ajali ameiripoti. Akanijibu kwamba kijana ni kibarua tu, hana barua ya kazi.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na halina mashiko. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi wetu tunaiita WIBA, inamhesabu mfanyakazi hata kama mapatano yalikuwa ya mdomo. Ushahidi tulikuwa nao kwenye simu: Sh9,000 za M-Pesa mara mbili kila mwezi, kutoka namba ya kontrakta. (Vijana, msifute meseji hizo.)

Taarifa ya mfanyakazi kwa mwajiri si lazima iandikwe. Kumwambia foromani kunatosha. Hata hivyo, nilimfanya mpwa wangu atume ujumbe mfupi wenye tarehe, saa na jinsi alivyokatika, maana maneno ya mdomo husahaulika mapema hasa yanapogharimu pesa. Tangu mwajiri apate habari, ana siku 7 za kuiripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Fomu ndiyo hiyo DOSH/WIBA 1: sehemu ya kwanza anajaza mwajiri, ya pili daktari. Wetu aliijaza siku ya 6, kwa kununa, baada ya mimi kumwambia kwamba kutoripoti ni kosa kisheria. Dai lenyewe lina muda wa miezi 12 tangu ajali. Wengi huupoteza wakingoja "bosi atoke safari".

Kijana alikaa nje ya kazi miezi miwili. Jeraha likimzuia mtu kufanya kazi siku 3 au zaidi, hulipwa mshahara wake kwa muda huo, usiozidi miezi 12. Kwake ilikuwa Sh36,000, mbali kabisa na fidia ya kidole.

Hiyo ya kidole haiharakishwi. Daktari husubiri kidonda kifunge na kiungo kijulikane kimebaki na nguvu kiasi gani, ndipo aandike asilimia ya ulemavu wa kudumu. Anayekimbilia kupimwa na bendeji bado mkononi anajipunja. Daktari aliandika asilimia 10. Hesabu yake ni mshahara wa mwezi mara 96, kisha asilimia hiyo: 18,000 mara 96 ni 1,728,000, na asilimia 10 yake ni Sh172,800. Iweke kando ya zile elfu kumi za pole.

Kuna jirani aliyemshauri aende moja kwa moja kwa wakili afungue kesi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, dai la namna hii linaanzia kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 60 za kupinga kwake kwa maandishi, na akishajibiwa ndipo aweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya kazi hii, na kampuni ya bima ina siku 90 za kulipa tangu dai liwasilishwe. Kontrakta wetu alisema bima anayo. Nilimwomba anionyeshe cheti, akakitafuta garini kwa dakika nyingi sana, kisha akaniletea kilichokwisha muda mwaka jana. Nilimwambia kwamba bima kwisha hakumfutii deni. Kunamhamishia mfukoni mwake. Wiki iliyopita alipiga simu kuuliza kama twaweza kupokea kwa awamu. Nimemwambia aiandike barua hiyo aipeleke kwa Mkurugenzi, na nakala aniletee mimi.

Karani wa saiti,
Malindi