Kaka, ule mlinganyo wako sio duaradufu

Kaka, mambo vipi,

Picha uliyotuma nimeiona, na chini yake umeandika "hii si duaradufu tu, mbona x² na y² zote chanya?" Hapana kaka, hiyo ni haipabola, ndo maana naona bora nikuandikie kirefu kuliko kukujibu neno moja halafu ubaki unaguna. Hiyo ya kuangalia alama za x² na y² inafanya kazi pale tu ambapo xy haipo. Xy ikishaingia ujue mchoro umekaa upande, mihimili yake haifuati x na y za karatasi yako, so namba za mbele peke yake hazikwambii kitu cha uhakika. Ni kama picha iliyoning'inia vibaya ukutani, wewe huigusi picha, unainamisha kichwa tu mpaka uione imenyooka, na huko kuinamisha kichwa ndo kuzungusha mihimili.

Mlinganyo wako ni huu:

7x² + 8xy + y² + 2x − 4y − 14 = 0

Mlalo wa mchoro uko kwenye vile vipande vitatu vya kwanza. Hiyo 2x na −4y zinahamisha tu mchoro kutoka kwenye sifuri, tutazifikia. Vile vitatu unavipanga kwenye matriksi:

```
7  4
4  1
```

Ona ile 8 nimeigawa, 4 huku na 4 kule, kwa sababu ukizidisha matriksi hii na x na y pande zote mbili xy inatokea mara mbili. Wengi wanaandika 8 kote kote, na ubaya wake jumla ya ulalo (7 + 1) inabaki ileile kwa hiyo hata hushtuki. Kujua kama uko sawa, tafuta diterminanti: 7×1 − 4×4 = −9, kisha zidisha kwa −4 upate 36, na hiyo lazima ifanane na B² − 4AC ya mlinganyo wenyewe, yaani 64 − 28 = 36. Ungeweka 8 kote ungepata diterminanti ya −57 na hapo hesabu zingegoma kukutana.

Sasa diterminanti ni zao la aigenvalyu mbili za matriksi, yaani zile namba zitakazobaki mbele ya vipeo vya pili ukishazungusha mihimili. Ni hasi, maana yake moja chanya na moja hasi, basi haipabola imeshajulikana. Kama wangekuuliza aina tu ungeweka peni chini, ila wamesema uchore, twende.

Jumla ya aigenvalyu ni 8, zao ni −9, kwa hiyo λ² − 8λ − 9 = 0, unapata 9 na −1. Na usiogope kwamba siku moja zitatoka namba za kufikirika, haiwezekani, maana chini ya alama ya kipeuo kunakuwa na (a − c)² + 4b², ambayo haiwi hasi hata siku moja (hapo b ni ile 4). Matriksi yoyote yenye simetria iko hivyo hata iwe kubwa vipi, Cauchy alilionyesha hilo mwaka 1829.

Kwa 9: toa 9 kwenye ulalo, mstari wa juu unakuwa −2x + 4y = 0, vekta yake ni (2, 1). Kwa −1: 8x + 4y = 0, vekta ni (−1, 2). Zizidishe nukta: −2 + 2 = 0, zimekutana kwa digrii 90. Sio bahati hiyo, simetria ndo inalazimisha, so siku ukipata mbili ambazo hazijakutana kwa digrii 90 na aigenvalyu zako ni tofauti, usiendelee mbele, rudi nyuma kuna mahali umekosea. Urefu wa kila moja ni √5, gawanya. Mhimili mpya u unaelekea (2, 1)/√5 na v unaelekea (−1, 2)/√5. Pembe yenyewe tan yake ni 1/2, kama digrii 26.6 hivi. Ile fomyula ya zamani ya cot 2θ = (A − C)/B inakupa 6/8, jibu ni lilelile, ila mimi siipendi kwa sababu inakupa pembe halafu inakuacha uhangaike kubadilisha kila x na y kwa mkono, wakati aigenvalyu zinakupa vizigeu vipya bure.

Kabla ya kuzungusha, hamia kwanza kwenye senta. Tofautisha kwa x: 14x + 8y + 2 = 0, kwa y: 8x + 2y − 4 = 0, zitatue upate x = 1, y = −2. Ingiza hapo kwenye upande wote wa kushoto: 7 − 16 + 4 + 2 + 8 − 14 = −9. Basi ukiita X = x − 1 na Y = y + 2 zile 2x na −4y zinapotea, na ukizungusha xy nayo inapotea, unabaki na

9u² − v² − 9 = 0, yaani u² − v²/9 = 1

Hapo unachora umefumba macho. Vipeo viko umbali wa 1 kutoka senta, huku na huku kwenye mhimili wa u, na mistari ambayo matawi yanaikaribia ni v = 3u na v = −3u, ambayo ukiirudisha kwenye X na Y ni 7X + Y = 0 na X + Y = 0.

Jaribu na nukta moja, mi sikuhizi sikabidhi kazi bila hii. Nukta (1, 1) inatosheleza mlinganyo wa mwanzo: 7 + 8 + 1 + 2 − 4 − 14 = 0. Kutoka senta ni X = 0, Y = 3, hivyo u = 3/√5 na v = 6/√5. Sasa u² ni 9/5 na v²/9 ni 4/5, toa upate 1. Safi. Hii ndo inamkamata mtu aliyesahau kugawa kwa √5, kwa sababu huyo anapata 45u² − 5v² = 9, alama ziko sawa, aina ya mchoro iko sawa, ila vipimo vyote vimeharibika na alama ya diterminanti haitamwambia kitu.

Halafu cheza nao kidogo. Weka −5 badala ya −14, thamani pale kwenye senta inakuwa sifuri na haipabola inavunjika inakuwa mistari miwili, ileile 7X + Y = 0 na X + Y = 0. Au acha −14 ila badili 7 iwe 16. Diterminanti inakuwa 16 − 16 = 0, aigenvalyu ni 17 na 0, na ukitafuta senta unapata 32x + 8y = −2 pamoja na 32x + 8y = 16, haiwezekani zote mbili, senta hakuna kabisa. Hiyo ni parabola, na kwake huanzi na senta, unazungusha kwanza ndo unakamilisha kipeo cha pili kwenye u peke yake. Ifanye hiyo unitumie picha, nataka kuona inafunguka kuelekea wapi.

Wasalimie nyumbani.