Fundi aliyetunga uzi mbele yetu, na kilichoonekana nyuma ya jicho lake

Mama mmoja fundi cherehani wa huku Sokomatola alikuja kwenye duka letu la miwani hapa Mbeya na shida ndogo sana, skrubu ya miwani yake ya kusomea imechomoka na mguu mmoja wa fremu unaning'inia. Wakati kijana wetu anatafuta skrubu ya kufanana mi nikawa namuuliza yale maswali yetu ya kila siku, presha unayo, sukari unayo, akasema sukari ndo anayo, mwaka wa 9 huu, vidonge anameza na kliniki haikosi. Nikamuuliza macho yako kwa ndani yamewahi kupigwa picha? Akacheka. "Mwanangu mimi naona vizuri, we nifungie tu hiyo miwani yangu." Na kweli tulivyompa miwani akachomoa sindano aliyokuwa kaichomeka kwenye kola, akatoa uzi mweusi kwenye pochi, akalamba ncha, akautunga mara moja tu. Hakurudia. Halafu akaniangalia, umeona?

Nikamwomba akae basi tumpime kwenye chati, dakika 5 tu mama. Jicho la kulia 6/6, mstari wa mtu mwenye macho mazima. La kushoto 6/9, yaani herufi ambazo mwenye macho mazima anazisoma akiwa meta 9 yeye anazisoma akiwa meta 6, hiyo nayo ni nzuri tu. Kwa namba hizo angeweza kuondoka zake na sie tusingekuwa na cha kumzuia. Bahati nzuri alikubali matone ya kutanua mboni tumpige picha ya ndani ya jicho.

Naomba nieleze hapa kwanza kwa nini chati haikutosha, maana hili ndo swali tunaloulizwa kila wiki, kama naona vizuri mnanipiga picha ya nini.

Nyuma ya jicho kwa ndani kuna utando mwembamba unaitwa retina, huo ndo unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Sasa retina yote haifanyi kazi ileile. Katikati kuna kasehemu kadogo ka milimita chache tu kanaitwa makula, na kitovu cha hapo ndo kinachosoma herufi, kinachotambua sura ya mtu, kinachotunga uzi. Eneo kubwa lililobaki linaona pembeni na gizani. Ukisimama mbele ya chati unakipima hicho kitovu peke yake, kwa hiyo retina inaweza kuwa imeharibika eneo kubwa sana na kitovu bado kizima, na mwenye jicho akasoma mpaka mstari wa chini kabisa bila kukosea. Pia retina haina neva za maumivu, mshipa ukivuja mle ndani huwezi kuhisi chochote, halafu una macho mawili na moja likipungukiwa lingine linalifichia siri.

Sukari ikikaa juu miaka inadhoofisha kuta za vile vimishipa vidogo kabisa vya retina. Vinatuna vivimbe vidogo, vinavuja damu kidogo kidogo, vinavuja maji na mafuta, na vingine vinaziba kabisa. Pale palipoziba retina inakosa oksijeni, inakuwa kama shamba ambalo mfereji umekauka, ikikosa hivyo inatoa kemikali ya kuita mishipa mipya iote. Na mishipa inaota kweli. Shida ni kwamba inaota juu juu ya retina kuelekea kwenye ule ute uliojaza jicho, haiendi kule kwenye njaa, na ni dhaifu mno, kitu kidogo inapasuka. Lakini mpaka siku itakayopasuka haijaziba kitu, mtu anaendelea kuona, anaendesha gari, anashona.

Ndo maana wanaochelewa karibu wote wanatuambia sentensi moja. Alishakuja mzee mmoja dereva wa Fuso, anabeba viazi kutoka Uyole, kaletwa na mwanae kamshika mkono, anasema asubuhi niliamka naona kama masizi yanaelea, mchana yakawa mengi, jioni ile bajaji inapita mbele yangu siioni, "na jana nilikuwa naona vizuri kabisa." Alikuwa anasema ukweli mtupu. Jana alikuwa anaona. Ile damu ndo imemwagika leo kwenye ute wa jicho, lakini mishipa iliyomwaga ilikuwepo kimya muda mrefu tu, na ingepigwa picha wakati ule ingeonekana.

Turudi kwa mama. Matone tunayotumia ni tropikamidi ya asilimia 1, yanawasha sekunde chache kama povu la sabuni halafu basi. Kazi yake ni kutanua mboni, ule mduara mweusi. Mboni ndo dirisha letu, na watu wa sukari ya muda mrefu mara nyingi mboni zao zinakuwa ndogo na zinagoma kufunguka hata gizani, ukipiga picha hivyohivyo ni sawa na kuchungulia chumba kupitia tundu la ufunguo, unapata kipande cha katikati na pembeni giza tupu. Kabla ya matone tunamulika mbele ya jicho kuangalia kama pana nafasi, kwa sababu wapo watu wachache ambao kutanua mboni kunaweza kuwapandisha presha ya jicho ghafla. Tukaweka, akasubiri karibu nusu saa kwenye benchi, mboni zikawa pana. Akaweka kidevu kwenye kamera, akaangalia kataa ka kijani, mwanga ukapiga. Kila jicho picha mbili, moja makula ikiwa katikati, nyingine ikilenga pale neva ya jicho inapoingilia. Kila picha inachukua upana wa kama digrii 45, ukiziunganisha unapata sehemu kubwa ya nyuma ya jicho.

Jicho la kulia, lile la 6/6, lilikuwa na vidoa vyekundu pande zote nne, kama mtu kachovya peni nyekundu akawa anagusagusa karatasi, na upande mmoja kuna vichenga vya njano, hayo ndo mafuta yaliyovuja. La kushoto nilinyamaza kwanza. Pale kwenye neva, ambapo panatakiwa paonekane kama mwezi wa manjano wenye ukingo safi, palikuwa na nyuzi nyembamba nyekundu zimejisokota zimepanda juu ya ukingo. Mishipa mipya. Nikamgeuzia skrini, nikamwekea pembeni picha ya jicho zima alinganishe. Aliangalia muda mrefu akasema, "Kama uzi uliojifunga kwenye bobini." Sijapata maelezo bora kuliko hayo na saivi nawaambia wateja wengine hivyohivyo.

Hatua hiyo sie dukani hatuna tiba yake na hatudanganyi mtu kwamba kuna miwani au tone la kuiondoa. Tuliandika rufaa siku ileile, tukaweka picha zake, tukamwambia wiki hii mama, usisubiri tarehe ya kliniki yako. Hospitalini alipigwa leza. Watu wengi wakisikia leza wanadhani inarudisha macho, kwa hiyo nieleze vizuri: daktari wa retina anachoma vidoa vingi vidogo kule pembeni mwa retina, ile sehemu inayolia njaa ya oksijeni inapungua, kemikali inapungua na mishipa mipya inasinyaa. Hairudishi kilichopotea. Na inaweza kupunguza kidogo uonaji wa gizani na wa pembeni, hilo ni bora mtu alijue kabla. Alimaliza awamu zake, akaja tukampima tena, kushoto bado 6/9 na cherehani inaendelea. Yule mzee wa Fuso yeye alihitaji kusubiri damu itulie na kuangaliwa kama atafanyiwa upasuaji wa kuutoa ule ute, safari ndefu zaidi na ya gharama zaidi.

Picha nayo ina mipaka yake. Mwenye mtoto wa jicho aliyekomaa picha inatoka ukungu mtupu, na picha ya ukungu sie hatuiiti salama, tunampeleka kwa daktari amwangalie kwa kifaa chake. Pia picha ni bapa, makula ikivimba kwa maji yanayovuja uvimbe wenyewe hauonekani vizuri, tunaushuku tukiona vichenga vya njano karibu na kitovu au chati imeshuka, hapo inatakiwa skana inayopima unene wa retina. Na picha safi ya leo ni ya leo. Sukari ya ukubwani piga picha mara tu unapogundulika, kwa sababu inawezekana ulikaa nayo miaka bila kujua, halafu kila mwaka. Aliyeanza na ile ya sindano tangu utotoni au ujanani kwa kawaida anaanza miaka 5 baada ya kugundulika. Mama mwenye kisukari akishika mimba apigwe mapema ndani ya miezi 3 ya mwanzo, maana mimba inaweza kuharakisha mambo mle ndani. (Hii ya kisukari kinachoanza kwenye mimba yenyewe ni habari nyingine.)

Kitu kingine kinachotuchanganyia watu ni miwani. Sukari ikipanda na kushuka lenzi ya ndani ya jicho nayo inabadilika, wiki hii unaona mbali ukungu wiki ijayo safi. Mtu anadhani ukungu ule ndo ugonjwa na ukiisha kapona, wakati retina ina mambo yake tofauti kabisa. Ukija kwetu sukari ikiwa inarukaruka tutakuomba usubiri wiki kadhaa itulie ndo tukupimie miwani, hata kama hela unayo mkononi.

Siku ya kuja njoo na daftari lako la kliniki na orodha ya dawa, na kama una miwani njoo nayo, chati tunapima kabla ya matone. Bei tunakwambia kabla hatujakugusa. Njoo na mtu, usije unaendesha gari wala pikipiki mwenyewe, kwa sababu vitu vya karibu utaviona ukungu na mwanga utakuumiza kwa masaa 4 mpaka 6 hivi, kwa hiyo beba kofia au miwani ya jua. Kama usiku ule jicho litauma sana, likawa jekundu, kichwa na kichefuchefu juu, nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie uliwekewa matone ya kutanua mboni. Picha tunapiga Jumanne na Alhamisi kuanzia saa 3 asubuhi, mtu wa mwisho tunamwekea matone saa 7 mchana, tumefanya hivyo makusudi ili anayetoka Tukuyu au Chunya awahi gari na asishuke stendi ya kwao gizani mboni zikiwa bado wazi.