Akiba haiozi, lakini ya nani na wakati gani?

Mhariri,

Tahariri yenu ya juma lililopita ilimshauri kila mwananchi abane matumizi hadi hali ya biashara itengemae, ikamalizia kwa methali ya akiba haiozi. Kwa kaya moja ushauri huo hauna kasoro. Kasoro huanza unapotolewa kwa watu wote kwa pamoja, tena wakati wa mdororo, kwa kuwa shilingi ninayoitoa mimi dukani ndiyo pato la mwenye duka, naye akiitoa huwa pato la fundi wake. Sote tukiizuia siku moja, mapato yenyewe tunayotaka kuyawekea akiba hupungua.

Naomba nitumie hesabu ndogo ya kubuni. Nchi ina pato la shilingi bilioni 1,000 kwa mwaka. Wananchi hutumia bilioni 900 na kuweka bilioni 100, ambazo wenye viwanda huzikopa ili kujenga na kununua mitambo. Inaingia hofu, na watu wanaamua kupunguza matumizi kwa bilioni 50 ili akiba yao ifike 150. Wenye viwanda, wakiona wateja wamepungua, hawana sababu ya kukopa zaidi, na tuseme wanaendelea kuwekeza bilioni 100 zilezile. Zile bilioni 50 zisizotumika zinakuwa pengo katika mapato ya wauzaji, nao, ikiwa kila aliyepoteza shilingi hupunguza matumizi yake kwa senti 80, wanapunguza bilioni 40. Waliokuwa wakiwauzia hao wanapunguza 32, na mnyororo unaendelea hivyo, kila pengo likiwa dogo kuliko lililotangulia, mpaka jumla ya pato lililopotea inafikia bilioni 250.

Sasa tuitazame akiba, maana hapa ndipo wengi hushangaa. Katika kila shilingi ya pato iliyopotea, senti 20 zilizobaki zilitoka katika akiba, na senti 20 za kila shilingi katika bilioni 250 ni bilioni 50, yaani kiasi kilekile ambacho watu walitaka kuongeza. Akiba ya nchi imebaki bilioni 100, ila pato limeshuka hadi 750 na kuna watu wasio na kazi. Wenye viwanda nao wakiogopa na kupunguza uwekezaji, akiba itashuka chini ya 100, ingawa kila mtu amejinyima kwa nia njema kabisa.

Marekani ilionja jambo hili. Kati ya 1929 na 1933 pato lake, kwa bei za wakati huo, lilishuka kutoka dola bilioni 104 hivi hadi karibu 57, na takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne alikosa kazi. Sehemu ya anguko hilo ilikuwa kushuka kwa bei, na kufilisika kwa maelfu ya mabenki kulichangia sana, kwa hiyo sidai kwamba kubana matumizi peke yake ndiko kulikoleta msiba ule. Hata hivyo, kufikia 1932 na 1933 kaya za nchi ile, zikijumlishwa, zilikuwa zikitumia zaidi ya mapato yao, yaani akiba yao ilikuwa chini ya sifuri katikati ya miaka ya kujinyima. Nchini Uingereza, Januari 1931, mwanauchumi John Maynard Keynes aliwasihi akina mama redioni waende madukani kununua, akisema kwamba kila shilingi tano zinazowekwa akiba humkosesha mtu mmoja kazi kwa siku nzima.

Hoja hii ina mipaka. Katika nyakati za kawaida, akiba ikiongezeka riba hushuka, wakopaji hujitokeza, na uwekezaji huchukua nafasi ya matumizi yaliyopungua. Akiba ya namna hiyo ndiyo hujenga viwanda. Aidha, ukame ukipunguza mahindi, tatizo ni upungufu wa bidhaa, wala si ukosefu wa wanunuzi, na kuhimiza watu watumie zaidi kutapandisha bei tu. Dalili huonekana sokoni: katika mdororo ninaouzungumzia, bidhaa hukaa rafuni, mitambo husimama ingawa malighafi ipo, na benki huwa na fedha lakini hazipati wakopaji wa kuaminika; katika upungufu, bidhaa huisha na bei hupanda.

Simlaumu mama lishe anayepunguza gharama baada ya kupoteza nusu ya wateja wake, kwani hana njia nyingine. Ninachopinga ni kuwaambia vivyo hivyo wenye mishahara isiyotikisika, na zaidi ya hao serikali, ambayo ikikata bajeti ya barabara katika mwaka uleule ambao wananchi wanabana matumizi, huongeza pengo lilelile ambalo yenyewe ingeweza kuliziba. Ningeomba tahariri ijayo iseme wazi ni nani anayeshauriwa kubana matumizi, na katika hali ipi kati ya hizo mbili.

Mwalimu wa uchumi,
Morogoro