Bili ya seva imepanda? Usifute kitu kwanza

Kila mwanzo wa mwezi tunapokea simu ileile: bili ya AWS, seva za kukodi za Amazon, imepanda, basi sisi tunaowatunzia seva ndio tumeongeza bei. Juzi mteja wetu mmoja, mwenye duka la vitenge linalouza zaidi mtandaoni, alikuja ofisini mwenyewe na karatasi mbili. Ya mwezi wa nyuma ilisomeka dola 230, ya sasa dola 640. Akasema, "Ndugu zangu, mliniambia nalipia ninachotumia. Mbona wateja ni walewale?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na wateja kweli walikuwa walewale. Shida ni kwamba kabla ya kuja kwetu alishamwita kijana wa jirani apunguze gharama. Kijana akafungua bili, akaona geti la NAT ndilo limekula pesa, akalifuta pamoja na anwani yake ya IP. Ni kweli pesa zilipita hapo. Lakini anwani ile ndiyo iliyoandikishwa kwa kampuni ya malipo ya simu, na kampuni hiyo haipokei maombi kutoka anwani isiyoijua. Kwa siku mbili wanunuzi walibonyeza kulipa na hakuna kilichotokea. Kuandikisha anwani mpya kulichukua siku nyingine tatu za kupigiana simu. Hasara ya siku hizo tano ilizidi bili aliyokuwa akiikimbia.

Geti la NAT ni njia ambayo seva zisizo na anwani ya hadharani hupitia kwenda nje. Kwenye kituo cha Virginia, `us-east-1`, linatozwa dola 0.045 kwa saa, na dola 0.045 nyingine kwa kila GB inayopita, iwe inatoka au inaingia. Ada ya saa ni kama dola 33 kwa mwezi. Kwa hiyo ukiona mamia ya dola, ujue kuna mzigo unapita, na swali ni nani anaubeba.

Sisi huanzia Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuchambua bili. Ukipanga kwa huduma utaona tu `EC2-Other` imevimba, jina lisilokwambia lolote. Panga tena kwa Usage type, siku kwa siku. Hapo ndipo ilipojitokeza `NatGateway-Bytes`, ikianza kupanda tarehe 1 na kubaki juu kila siku, bila kushuka hata Jumapili. Wanunuzi wa vitenge hawako hivyo. Jumapili duka hupoa. Kitu kinachokwenda sawasawa siku zote ni mashine.

Tukafungua CloudWatch, chombo cha AWS cha kufuatilia seva, tukalinganisha grafu ya `NetworkIn`, yaani data inayoingia, ya kila seva. Mbili zilikuwa tulivu. Ya tatu ilikuwa na vilima vinane kwa siku, kila baada ya saa tatu. Tukaingia ndani yake, tukaandika `crontab -l`, amri inayoorodhesha kazi zinazojiendesha kwa ratiba, na mstari ukawa pale:

```
0 */3 * * * /opt/picha/punguza.sh
```

Hati hiyo ya amri ilitengeneza picha ndogo za bidhaa. Kila mara ilishusha picha zote kutoka S3, ghala la mafaili la AWS, kwa `aws s3 cp --recursive`, GB 38, kisha ikafuta folda ikimaliza. GB 38 mara 8 kwa siku, kwa siku 30, ni GB 9,120. Zidisha kwa 0.045, unapata dola 410. Ndiyo tofauti ya bili zake mbili.

Tiba ilikuwa amri moja, ya kuifungulia S3 njia yake isiyopita kwenye NAT:

```
aws ec2 create-vpc-endpoint --vpc-id VPC_YAKO \
  --service-name com.amazonaws.us-east-1.s3 \
  --route-table-ids RTB_YAKO
```

Njia hii haina malipo, ila inafanya kazi kwa S3 iliyo kituo kimoja na seva. Pia tuliweka `sync` badala ya `cp` na tukaacha folda ibaki, ili zishuke picha mpya tu. Geti tulilijenga upya, maana malipo bado yanalihitaji. Jioni ileile grafu ya `BytesInFromDestination`, yaani data inayorudi kutoka nje, ya geti jipya ilikuwa karibu na sakafu.

Mteja aliona ankara yetu ya saa saba za kazi akasema, "Yaani saa saba kwa amri moja?" Amri ilichukua dakika tano. Saa zilizobaki tulizitumia kujua ni amri gani, na hatuoni aibu kuzitoza. Mbili kati ya hizo zilipotea kutafuta barua pepe ya akaunti kuu, iliyokuwa bado ya mfanyakazi aliyeondoka, kwa sababu bila hiyo hatukuweza kuruhusiwa kuifungua Cost Explorer. Ukija kwetu, njoo nayo mkononi, na uache kila kitu kama kilivyo.