Wifi yangu, kuhusu ile foleni ya uji

Wifi, simu zangu hupokei na meseji hujibu, sa naandika hapa, najua kuna mtu atakuonyesha.

Mi bado naiona ile saa nne. Mwanetu kasimama kwenye foleni na kikombe chake cha njano, mi nina karatasi ya majina ya waliochangia, nikamtoa. Mbele ya wenzake. Akaenda kukaa chini ya mwembe, kikombe kakigeuza juu chini, nilipomfuata akaniambia "sisikii njaa mwalimu". Hakuniita shangazi wifi. Na asubuhi ile nilikuwa nishamwona kalaza kichwa kwenye dawati, kaomba kwenda kunywa maji mara tatu, kasema tumbo linauma. Miaka yote hii nafundisha darasa la kwanza, mtoto wa hivo akipata uji na baada ya nusu saa anacheza, basi ilikuwa njaa, asipochangamka ndo unawaza minyoo au malaria. Nilijua. Nikamtoa hivohivo.

Uliniuliza ningemtoa kama angekuwa wa kwangu. Wifi, nilimtoa kwa sababu ni wa kwangu! Wazazi walishaanza kusema mwalimu anabeba ndugu zake, na kamati ilishasema asiyechangia mtoto wake asinywe. Na wewe nawe kwa nini hukuniambia? Tunakaa kijiji kimoja, ungenong'oneza tu kwamba ghala limeisha, mi ningekuelewa, nani huku Dodoma hajui mwezi wa pili ulivo.

Lakini nikakaa nikapiga hesabu. Kikombe kimoja cha uji ni unga gramu 50 hivi, sufuria letu la watoto 120 ni kilo 6. Mwanetu angekunywa, sufuria lisingejua. Ni kweli wakiwa 30 hawajachangia robo ya unga haipo na uji unakuwa maji, hilo kamati hawakukosea. Walipokosea ni kudai debe Januari, wakati mahindi ya mwaka jana yanaishia na mapya yanavunwa Mei, Juni. Yani tunamdai mtu akiwa hana, afu akivuna tunanyamaza, anauza kulipa madeni mengine.

Basi nikabishana nao mpaka tukabadilisha, na tangazo nimeliandika mwenyewe. La zamani lilianza na "wazazi wasiochangia". Hili hapa:

"Wazazi na walezi, habari za nyumbani. Uji unanywewa saa nne na kila mtoto aliyekuja shule anakunywa. Mchango wa mwaka ni debe moja la mahindi, unaweza kuleta lote, au kisado kisado, au ukasubiri mavuno. Mwenye uwele au karanga alete. Kama kwako rahisi ni kuni au siku ya kusaidia jikoni, ni sawa pia. Mtoto akitoka nyumbani hajala, kwa sababu yoyote ile, mpigie mwalimu wake ili apate kikombe mapema. Sababu hatuulizi."

Neno maskini hulioni humo, wala kaya za TASAF, kijiji kizima kinajua nani yumo, ukisema uji wa bure ni wao tu umeshamwandika mtoto usoni. Na sio wote hawana kitu, kuna ambao mama anatoka saa kumi kuwahi mnadani, mtoto anaamka kiporo kipo ila hakuna wa kumpashia. Nilitaka liende kwenye grupu la wasapu peke yake, nikakumbuka wewe huna simu ya hivo, likapelekwa kwa karatasi kwa watoto wote, hata wa mwenyekiti.

Karatasi ya majina sasa anayo mweka hazina tu, jikoni haifiki. Kile kikombe cha mapema kilitusumbua, mwanzo tuliwaita kwa majina, siku ya tatu wawili wakagoma kuja, wenzao walishaanza kuwacheka. Sa hivi saa moja na nusu watoto wa zamu wanakuja kupanga vikombe na wanakunywa hapohapo, na wenye njaa tunawaweka zamu kila siku, wanachanganyika tu. Hatumalizi kila kitu, mtoto ambaye hata usiku halali kashiba uji wetu hautoshi, huyo nampigia mzazi mwenyewe tunaenda wote kwa afisa ustawi, na akiwa anakonda tunapitia zahanati.

Nimeyafanya hayo yote na wewe umeshamhamisha mtoto. Anatembea mbali zaidi, alfajiri, sijui kala nini. Hilo na mi nakulaumu wifi, ungenitukana ukamwacha.

Kikombe alikiacha pale chini ya mwembe. Nimekiosha, kipo kabatini ofisini, watoto wa zamu wakikipanga na vingine nakitoa.