Barua ya wazi kwa wapambe wa mabwana harusi: subira haisifiwi kwa kelele

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mnaosimama ubavuni mwa bwana harusi, mkishika pete mfukoni na karatasi iliyokunjwa mara nne. Pete sina neno nayo. Nina neno na karatasi.

Mwaka huu nimehudhuria harusi saba hapa Tanga, na katika sita rafiki wa bwana harusi aliitwa atoe shairi la kuchekesha la kusifu uvumilivu wa maharusi. Wanne walisoma mpaka mabibi wakaanza kuangalia mlango wa jikoni. Mmoja alichekesha kweli, lakini waliocheka ni meza ya vijana peke yake. Upande wa kina mama wa bibi harusi kulikuwa kimya, na kimya kile nakijua.

Wa sita alinijia kabla, wiki mbili mapema. Ni mtoto wa jirani, amekua machoni pangu. Alileta beti ishirini na mbili. Nilimwambia, "Mjukuu wangu, ubeti mmoja ukisomwa kwa utulivu, watu wakapewa nafasi ya kucheka, unakula karibu nusu dakika. Hapa una dakika kumi na moja, na watu hawajala." Tukabaki na beti tano. Nitawaonyesha tulivyozipata, maana ndani yake ndimo lilimo nililotaka kusema.

Jambo la kwanza alilonionyesha lilikuwa kibwagizo. Alikuwa ameandika: "Subira yavuta heri, na pilau yavuta watu." Nikacheka peke yangu hapo barazani. Methali inajulikana na kila mtu, na ndiyo sababu ukiisema mpaka mwisho wake wa kawaida inalala usingizi. Yeye kaiamsha kwa sahani. Lakini hesabuni kwa vidole: su-bi-ra-ya-vu-ta-he-ri, nane. Na-pi-la-u-ya-vu-ta-wa-tu, tisa. Utao, yaani kile kipande cha pili, umezidi mizani moja, na sikio la mzee wa Kiswahili linajikwaa hapo hata kama mwenyewe hajui kimemkwaza nini. Tuliondoa "na" tu. "Subira yavuta heri, pilau yavuta watu." Nane kwa nane. Na mzaha ukakaa sawa, kwa kuwa sasa vipande viwili vinatazamana kama watu wawili mezani, hakuna kiungo kinachowatambulisha.

Kuhesabu mizani si jambo la kubahatisha. Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi wetu, alizichapisha kanuni zake mwaka 1954, na wazee waliokuwa wakizifuata bila kitabu walikuwa wengi kabla yake. Vijana wengi mnapokosea, mnakosea kwenye "m" na "n" zinazosimama peke yake. "Mtu" ni mizani mbili, m na tu. "Nne" nayo ni mbili. Lakini "mwana" ni mbili pia, si tatu, kwa sababu "mwa" inatamkwa mara moja. Mkipata shaka, pigeni makofi mkisema neno polepole. Mikono haidanganyi.

Sasa kuhusu mzaha wenyewe. Katika zile beti ishirini na mbili, kumi na tatu zilimcheka bwana harusi kwa wasichana aliowahi kuwataka kabla ya huyu. Kijana alidhani hiyo ndiyo subira: kwamba bibi alivumilia kungoja zamu. Nilimuuliza, "Mama yake bibi harusi atakuwa ameketi meza gani?" Akasema ya mbele kabisa. Hatukuendelea na mjadala.

Watani wana ruhusa yao. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana mambo msibani yakapita. Shemeji naye anataniwa. Lakini rafiki wa bwana harusi, kwa upande wa bibi, bado ni mgeni, na mkwe hataniwi. Kwa hiyo cha kuchekwa katika shairi la subira si mtu aliyengoja wala aliyengojwa. Ni kile kitu kilichowangojesha: barua iliyokawia, barabara, mtandao wa simu, mjomba asiyerudi. Na mtu mmoja tu anayechekwa bila kuombwa radhi ni wewe mwenyewe unayesoma.

Basi nikamwambia anihadithie maharusi hawa walingoja nini hasa. Akahadithia. Posa ilipelekwa, jibu likachelewa kwa sababu mjomba wa bibi alikuwa safarini, na bila yeye hakuna anayetamka. Bwana akapata kazi mbali, upande wa Songea, kijiji ambacho simu inashika ukipanda kilima. Na katika muda wote ambao bwana alikuwa Tanga, yeye mtunzi alikuwa akila kwake kila jioni. Nikamwambia, "Shairi ni hilo. Kumbe ulikuwa nalo."

Ufunguzi ulipaswa kuwa mfupi, uonyeshe kwamba msomaji anajua watu wana njaa:

Nimesimama kwa zamu, chakula kiko jikoni,
Najua mnayo hamu, harufu i mlangoni,
Nitasema kwa nidhamu, kisha nirudi kitini,
Subira yavuta heri, pilau yavuta watu.

Angalieni vina. Kati ni "mu" mara tatu, mwisho ni "ni" mara tatu, kisha kibwagizo kinakaa na vina vyake kila ubeti. Msimwamini anayewaambia kina cha kati hakisikiki. Ndicho kinachomfanya msikilizaji ajue kwamba kuna kitu kinakuja, na mzaha hauna maana kama hakuna anayeungoja.

Ubeti wa posa ulikuja hivi:

Tulipeleka barua, mjomba yuko safari,
Masika yakapungua, jibu likawa: "Subiri,"
Bwana kutwa akifua, kanzu iliyo tayari,
Subira yavuta heri, pilau yavuta watu.

Mwanzoni mshororo wa tatu ulisema bwana alikonda kwa mapenzi. Hiyo ni sifa ya jumla, kila bwana harusi duniani amekonda. Lakini kanzu inayofuliwa kila siku ilhali haijavaliwa, hiyo ni ya huyu. Na nani amechekwa hapo? Kanzu. Ila mjomba ametajwa, kwa hiyo nilimtuma kijana akamwombe idhini mjomba mwenyewe, siku tatu kabla. Wengi mnaruka hatua hii. Mzee aliyeombwa hucheka wa kwanza, na yeye akicheka ukoo mzima unapata ruhusa.

Kikazi yuko Songea, mtandao wakatika,
Bwana mlima kakwea, apate pa kusikika,
Bibi hapa angojea, hata "halo" ikafika,
Subira yavuta heri, pilau yavuta watu.

Hapa subira ya bibi imesifiwa bila neno "mvumilivu" kutajwa hata mara moja. Alingoja "halo." Mwenye kusikia atajaza yaliyobaki.

Ubeti wa nne ndio uliotutoa jasho. Alikuwa ameandika "Miaka minne nakula," na mnakumbuka niliyosema juu ya "nne." Mi-a-ka-mi-n-ne-na-ku-la, tisa. Nikapendekeza "sita." Akaniambia, "Babu, hiyo si itakuwa uongo?" Nikamjibu ahesabu vizuri tangu siku ya kwanza alipoingia na kukuta ugali. Akahesabu, akanyamaza, akasema ni sita kasoro miezi.

Kila jua likilala, nafika na njaa yangu,
Miaka sita nakula, hajauliza cha kwangu,
Bibi, ninalo suala: i wapi sahani yangu?
Subira yavuta heri, pilau yavuta watu.

Huu uwekwe karibu na mwisho, usiwe wa kwanza. Ukianza nao, wasikilizaji watakuona mcheshi na watataka vichekesho mpaka ukae. Ukiuweka wa nne, cheko lake ndilo linalolainisha mioyo kwa ubeti wa mwisho, ambao hauna mzaha kabisa:

Leo hii nawaona, bega kwa bega wakaa,
Hawakuwahi kuguna, mambo yalipokataa,
Mola wape kufaana, hadi mvi kuwajaa,
Subira yavuta heri, pilau yavuta watu.

Kibwagizo ni kilekile, lakini baada ya dua watu wanakisikia kwa sikio jingine. Msibadilishe maneno yake mwishoni ili kuonyesha ufundi. Acheni mahali pake pabadilishe maana.

Yaliyobaki ni ya usomaji. Ombeni kwa mshereheshaji nafasi kabla ya chakula, msikubali baada. Tumbo lililoshiba halihesabu mizani. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, maana simu huzima au mtu hupiga katikati ya ubeti wa pili. Someni kipande, mpumue, kisha kipande. Na kibwagizo msikimalize wenyewe. Ubeti wa kwanza kisemeni chote, wa pili semeni "Subira yavuta heri" halafu mshushe kipaza sauti. Kama mizani imekaa, ukumbi utaitikia bila kufundishwa. Wasipoitikia, msiwalaumu wao, rudini mkahesabu.

Kijana wetu alifanya hivyo. Ubeti wa pili waliitikia nusu ya ukumbi, wa tatu wote. Kwenye "sahani yangu" bibi harusi alijifunika uso kwa shela, mabega yakitikisika, na mama yake kule meza ya mbele akapiga meza kwa kiganja. Dua iliitikiwa "Amina" na wapishi waliokuwa wamesimama mlangoni.

Kijana alipokuwa anarudi kitini, mjomba akainuka. Hakuwa kwenye ratiba. Mshereheshaji akamtazama, akampa kipaza sauti. Mzee akakohoa, akasema:

Nilikwenda Pemba kweli, karafuu za pilau!

Akakaa. Ukumbi ukamalizia wenyewe.

Mzee wenu,
Tanga